Barua ya kuachishwa kazi kwa kuchelewa: maonyo na utetezi viandikwe vipi

Mfanyakazi anayeachishwa kazi kwa kuchelewa mara kwa mara haachishwi kwa sababu ya asubuhi moja. Anaachishwa kwa sababu alionywa, akapewa nafasi ya kujirekebisha, kisha akarudia. Ndiyo maana barua inayosema tu kwamba mfanyakazi "amekuwa na tabia ya kuchelewa licha ya kuonywa" ni barua dhaifu. Haionyeshi alionywa lini, kwa kosa gani, wala alijibu nini kabla uamuzi haujatolewa.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na ya haki ya kuachisha kazi, na afuate utaratibu wa haki. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), mzigo wa kuthibitisha hayo ni wa mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinaongeza kwamba kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi isipokuwa liwe zito. Kuchelewa kwa kawaida si kosa zito. Kunakuwa sababu ya kuachisha kazi pale tu kunapojirudia baada ya maonyo, na hapo maonyo yenyewe yanakuwa sehemu ya sababu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mpakiaji katika ghala la jijini Dar es Salaam anatakiwa kuingia zamu saa 1:00 asubuhi. Amefanya kazi miaka mitatu na analipwa kwa mwezi. Tarehe 4 Februari 2025 msimamizi anampa onyo la mdomo na kuliandika kwenye jalada lake. Tarehe 11 Machi anapewa onyo la kwanza la maandishi, na tarehe 22 Aprili onyo la mwisho. Tarehe 13 Mei anaingia saa 1:50. Barua ya kumwachisha itakayofuata inapaswa kusimulia mtiririko huu kwa namna ambayo hata mtu asiyelijua ghala hilo ataweza kuufuata.

Kwa kila onyo, barua itaje tarehe yake, aina yake, siku na saa za kuchelewa zilizosababisha onyo hilo, na kile mfanyakazi alichotakiwa kubadilisha. Onyo la mwisho lina jambo moja la ziada: barua ionyeshe kwamba onyo hilo lilimwambia waziwazi kuwa akirudia anaweza kuachishwa kazi. Kama hakuambiwa hivyo, ni vigumu kudai kwamba alijua nafasi yake imefika mwisho. Kanuni za kampuni zikiweka muda wa onyo kudumu, barua ionyeshe kwamba muda huo ulikuwa haujapita. Onyo lililokwisha muda haliwezi kubebeshwa uzito wa uamuzi mpya.

Hapa waandishi wengi wa barua huchanganya mambo mawili. Siku ambazo mpakiaji alikwisha kuonywa kwazo zimeshaadhibiwa. Zikiorodheshwa tena kama mashtaka, anaadhibiwa mara mbili kwa kosa lilelile. Kosa linaloamuliwa ni la tarehe 13 Mei, nalo litajwe peke yake. Maonyo yanakuja baada yake kama historia, ili kueleza kwa nini safari hii adhabu si onyo jingine. Na kama hakuna kuchelewa kokote kulikotokea baada ya onyo la mwisho, hakuna kosa jipya la kumwachishia kazi.

Mfanyakazi akikataa kusaini barua ya onyo, onyo halifutiki. Saini inathibitisha kupokea tu, haina maana ya kukiri kosa. Msimamizi aandike kwamba mhusika amekataa kusaini, na shahidi aliyekuwepo aweke saini yake. Barua ya mwisho ilitaje hilo badala ya kudai kwamba onyo "lilikubaliwa".

Sehemu ya pili ni nafasi ya kujitetea. Kanuni za 2007 zinataka mfanyakazi ajulishwe tuhuma kwa namna na lugha anayoielewa, apewe muda wa kutosha kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na kiongozi mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Katika mfano wetu, mpakiaji anapewa barua ya tuhuma Alhamisi tarehe 15 Mei, na kikao cha nidhamu kinafanyika Jumatatu tarehe 19. Msimamizi aliyetoa maonyo anakuja kama shahidi, na mwenyekiti ni meneja wa idara nyingine.

Kuandika kwamba "ulipewa nafasi ya kujitetea" hakutoshi. Barua itaje utetezi wenyewe na jinsi ulivyopimwa. Aya inayofaa inaweza kusomeka hivi:

"Katika kikao cha tarehe 19 Mei 2025, ambacho ulihudhuria pamoja na mwenzako uliyemchagua, ulieleza kwamba tarehe 13 Mei ulichelewa kwa sababu daladala uliyopanda iliharibika. Ulikiri kwamba hukumpigia simu msimamizi, ingawa onyo la tarehe 22 Aprili lilikutaka utoe taarifa mapema unapopata dharura. Uliomba pia utumishi wako wa miaka mitatu uzingatiwe. Uongozi umezingatia hayo, lakini umeona kwamba maonyo matatu ndani ya miezi minne hayakuleta mabadiliko."

Aya hiyo inaonyesha kwamba mtu alisikilizwa, kwa kuwa maneno yake yamo ndani ya sababu za uamuzi. Kanuni zinataka pia rekodi ya kazi, muda wa utumishi na hali binafsi ya mfanyakazi zizingatiwe kabla ya adhabu kuchaguliwa. Kama mpakiaji angesema kwamba alikuwa hospitali na mtoto na kuleta cheti cha daktari, barua isiyogusa cheti hicho ingekuwa na pengo kubwa. Vivyo hivyo akidai kwamba wenzake wanaochelewa hawaguswi, dai hilo lijibiwe, maana kanuni inapaswa kutumika kwa wote sawasawa. Akiitwa na kukataa kuhudhuria bila sababu ya msingi, barua itaje tarehe aliyopokea wito na kwamba kikao kiliendelea bila yeye.

Kenya ina msimamo wa karibu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, mbele ya mtu aliyemchagua, na asikilize maelezo yake. Kifungu cha 45 kinataja kuwepo kwa barua za onyo za awali miongoni mwa mambo yanayopimwa katika kuamua kama mwajiri alitenda haki.

Barua haiwezi kutengeneza kile ambacho hakikufanyika. Tarehe zilizomo hulinganishwa na daftari la mahudhurio, nakala za maonyo na muhtasari wa kikao. Barua iliyoandikwa siku moja kabla ya kikao inaonyesha kwamba uamuzi ulishafanywa.

Mwishoni barua itaje siku ajira inapokoma, notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28 au malipo badala yake, stahili zake na cheti cha utumishi. Imkumbushe pia haki ya kupeleka mgogoro CMA. Muda wa kufanya hivyo ni siku 30 tangu kuachishwa au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri.