Sura ya Nne: Upindo wa Inchi Tatu

Mtu akikuambia anauza "bidhaa zenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu", bado hujajua kama anauza magodoro, mafuta ya kula au mabati. Ubaya wa maneno haya ni kwamba yanamfaa kila muuzaji, hata yule anayeuza vitu vibovu, na mnunuzi amekwisha kuyazoea kiasi kwamba jicho linayaruka. Hapimi ukweli wake kwa sababu hayana cha kupimwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Claude Hopkins alipewa kazi ya kuitangaza bia ya Schlitz ya Milwaukee. Watengenezaji wote wa bia walikuwa wakijisifu kwa neno moja, "safi", na waliloweza kulifanya ni kulikuza tu kwa herufi kubwa zaidi. Hopkins aliomba kutembezwa kiwandani. Aliona bia ikipoozwa katika vyumba vya vioo vilivyopitishiwa hewa iliyochujwa, mashine zinazosafisha kila chupa mara nne, na visima vya kina cha futi 4,000 vilivyochimbwa kufuata maji safi ingawa ziwa lilikuwa palepale. Aliwauliza wenyewe kwa nini hawawaelezi watu hayo. Wakamjibu kwamba kila kiwanda kizuri hufanya vivyo hivyo. Akayaandika hayohayo, na kwa maelezo yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1927, katika miezi michache Schlitz ilipanda kutoka nafasi ya tano hadi kukaribia ya kwanza.

Jibu la wale wenye kiwanda ndilo ninalolisikia kwa mafundi wetu. Jambo wanalolifanya kila siku hawalioni kuwa habari.

Tuchukue fundi cherehani anayeshona sare za shule. Kibaoni ameandika: "Sare bora, bei nafuu." Usimuulize sifa za kazi yake, atakutajia ubora. Muulize sare zinazorudishwa kutengenezwa hurudi na nini. Hapo ulimi utamfunguka: suruali za wavulana huachia mshono wa makalioni, mifuko huchanika pembeni, na mwezi wa saba wazazi huja na sketi na suruali zilizofupika. Muulize tena, yeye hufanya nini ili hayo yasitokee? Atakugeuzia suruali upande wa ndani. Mshono wa makalioni ameupitisha mara mbili, na chini ya mguu amekunja upindo wa inchi tatu, wakati wengi hukunja inchi moja kubana kitambaa.

Tangazo limekwisha kupatikana, nalo limo ndani ya mguu wa suruali: "Suruali ya shule yenye upindo wa inchi tatu. Mtoto akirefuka, ilete tuiteremshe bure."

Sasa angalia bei imekwenda wapi. Tuseme suruali yake ni shilingi 18,000 na ya jirani ni 12,000. Akiandika "bei nafuu" amejidanganya mwenyewe, maana mzazi anajua kuhesabu. Lakini ikiwa ya jirani inafupika baada ya mwaka na yake inateremshwa ikaenda miaka miwili, basi yake ni 9,000 kwa mwaka. Aandike bei na miaka waziwazi, na aache mzazi apige hesabu mwenyewe.

Kuna jambo moja la kuwa mwangalifu nalo. Upindo ukiteremshwa huacha mstari: kitambaa kilichokuwa kimefichwa hakijapauka, na kunjo la zamani linaonekana hata ukipiga pasi. Kwa rangi ya kaki mstari huo si mkali sana; kwa buluu iliyokoza unaonekana kutoka mbali. Mzazi aambiwe hilo siku ya kununua. Mimi ningeliandika hata kwenye tangazo, kwa sababu muuzaji anayetaja kasoro ndogo huaminiwa katika mengine.

Pia si kila jambo la kweli linafaa. Fundi huyo anaweza kujivunia cherehani yake mpya, lakini mzazi havai cherehani. Dai lianzie kwenye kero ya mnunuzi, ndipo lielekee kwenye mkono wa fundi.

Kulijaribu ni rahisi: funika jina la duka lako, weka la jirani, usome tena. Ikiwa sentensi bado ni kweli bila jirani kubadili chochote kazini kwake, hujaandika kitu. Hopkins alikikwepa kipimo hiki kwa kuwahi kusema lililokuwa la wote, na washindani wake wangelisema baada yake wangeonekana waigaji. Lakini duka la mtaani halina magazeti ya nchi nzima ya kulilinda dai lake, kwa hiyo ni salama zaidi kuchagua jambo ambalo jirani halifanyi kweli.

Na ukishaandika inchi tatu, mzazi atakuja na futi. Siku kitambaa kitakapopungua na fundi akashawishika kukunja inchi moja na nusu, ni heri asishone suruali hiyo kuliko kuitoa chini ya kibao kile.