Tathmini ya kazi ni Desemba? Anza kukusanya ushahidi Julai

Wafanyakazi wengi huanza kutafuta ushahidi wa kazi zao wiki moja kabla ya kukaa na bosi. Kufikia hapo ya Novemba bado wanayakumbuka, ya Agosti yamebaki nusunusu, na ya Machi yameshapotea. Bosi naye ni hivyohivyo: anakumbuka ya juzi, hasa yale yaliyoharibika.

Kinachosaidia ni ratiba. Kila aina ya ushahidi ina muda wake wa kupotea, kwa hiyo unaanza na ule unaowahi kupotea.

Kwanza ulizia tarehe alama zinapofungwa

Sehemu nyingi, msimamizi huandika alama za awali na kuzipeleka ofisi ya rasilimali watu kabla hata hajakuita. Sababu ni bajeti: nyongeza za mishahara na bonasi lazima zipigiwe hesabu mapema. Ukileta ushahidi wako siku ya kikao, unaweza kusifiwa vizuri tu na alama zisiguswe.

Kwa hiyo uliza mapema: "Alama za mwaka huu zinafungwa tarehe ngapi?" Tuseme unajibiwa ni Desemba 5. Basi muhtasari wako umfikie bosi kufikia Novemba 20, ili apate wiki mbili za kuusoma. Ratiba yote unaipanga kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

Kwa watumishi wa umma Tanzania kalenda ni nyingine, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Pia wao wana PEPMIS, mfumo wa kidijitali uliochukua nafasi ya OPRAS, ambamo mtumishi anaingiza kazi zake na utekelezaji wake. Hata hivyo, cha kuingiza lazima ukitoe mahali. Ratiba ni ileile, ila Julai ya mfano ufuatao kwako inakuwa Januari.

Julai: chukua namba ya kuanzia

Chukua mfano wa mtunza stoo wa kampuni ya kusambaza vyakula jijini Dar es Salaam. Moja ya malengo yake ya mwaka ni kupunguza tofauti kati ya mzigo ulioandikwa kwenye kompyuta na mzigo uliopo kwenye rafu.

Stoo yake ina aina 400 za bidhaa. Mzigo ulipohesabiwa mwisho wa Juni, aina 40 hazikulingana, yaani asilimia 10. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na ndiyo ngumu kuipata baadaye. Mifumo mingi ya stoo inaonyesha hali ya leo tu. Ukitaka ya miezi mitano iliyopita huipati, au uombe kwa mafundi na kusubiri. Asipoiandika Julai, Novemba atabaki kusema "hali imekuwa nzuri", na neno hilo halina kipimo.

Wiki ya kwanza ya Julai anaandika mistari mitatu: lengo, namba ya kuanzia, na jina la ripoti ilikotoka pamoja na tarehe yake.

Agosti hadi Oktoba: dakika 15 kila Ijumaa

Mtunza stoo huyu anabadilisha utaratibu. Badala ya kusubiri hesabu kubwa, anahesabu aina 20 kila siku, hivyo ndani ya siku 20 za kazi stoo nzima inakuwa imepitiwa.

Kila Ijumaa kabla ya kutoka, anaandika mambo matatu kwenye daftari: nimefanya nini, nini kimebadilika, na nani au karatasi gani inathibitisha. Wiki nyingine anakuwa na mstari mmoja tu, na unatosha. Mwisho wa mwezi anaongeza namba ya mwezi huo chini ya ile ya Julai.

Maneno ya watu yanahitaji haraka zaidi. Dereva aliyefurahi kupakiwa mzigo kwa saa moja badala ya tatu atasahau baada ya wiki mbili, na mkuu wa mauzo anaweza kuhamishwa tawi. Omba neno ndani ya wiki hiyohiyo, tena kwa swali la wazi: "Mkuu, naomba uniandikie kwa ufupi, upakiaji wa wiki hii umekuwaje ukilinganisha na mwezi uliopita?" Ukiomba tu "nisifie kidogo", utajibiwa "uko vizuri", na hiyo haithibitishi kitu.

Kama majibu yanakuja WhatsApp, yanakili kwenye daftari na tarehe yake. Simu huibiwa, na meseji za kujifuta zenyewe zinafutika kweli.

Mwezi mbaya nao uandike

Septemba mambo yanaharibika. Makontena mawili yanaingia wiki moja, skana ya kusomea misimbo inakufa, na aina zisizolingana zinapanda hadi 52. Wengi wangeruka mwezi huo kwenye daftari. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu bosi anaukumbuka vizuri sana.

Mtunza stoo anaandika siku skana ilipokufa, siku alipoomba nyingine, siku ilipofika, na alichofanya katikati: alihesabu kwa karatasi akiwa na msaidizi mmoja. Mwisho wa Oktoba aina zisizolingana zinashuka hadi 12, sawa na asilimia 3. Bosi akiuliza kuhusu Septemba, jibu lipo na lina tarehe.

Novemba: kurasa zisizidi mbili

Wiki ya kwanza ya Novemba, daftari linageuzwa muhtasari. Fuata malengo mliyokubaliana mwanzoni mwa mwaka, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule wa fomu ya tathmini. Bosi anajaza fomu hiyo, kwa hiyo mrahisishie.

Sentensi dhaifu ni hii: "Nimeboresha sana utunzaji wa stoo." Yenye nguvu ni hii: "Bidhaa zisizolingana zimeshuka kutoka aina 40 mwishoni mwa Juni hadi 12 mwishoni mwa Oktoba, baada ya kuanza kuhesabu aina 20 kila siku. Septemba zilipanda hadi 52 kwa sababu skana iliharibika."

Ukigundua lengo moja halina ushahidi wowote, bado una kama wiki mbili za kutafuta ripoti au kumuuliza mtu. Ndiyo maana kazi hii haiachwi hadi Novemba 19.

Usibebe nyaraka za ofisi

Kuna kosa linaloweza kukugharimu kuliko alama mbaya: kujitumia ripoti za kampuni au orodha za wateja kwenye barua pepe yako binafsi. Kampuni nyingi huhesabu hilo kuwa kosa la nidhamu. Na kama ndani yake kuna majina na namba za simu za watu, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Njia salama ni kuandika rejea tu: jina la ripoti, tarehe, na mahali ilipohifadhiwa ofisini. Anayetaka kuhakiki ataifungua mwenyewe.

Ushahidi pia una mipaka yake. Kama bajeti ya nyongeza imekatwa, kurasa zako mbili hazitaleta fedha ambayo haipo. Ila alama zinabaki kwenye faili lako, na ukipewa usizokubaliana nazo, hizo kurasa ndizo utakazoambatanisha kwenye rufaa.