Mshale wa Spidi Umetulia, Injini Inafanya Kazi Gani?

Dereva ameshika kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare. Mshale wa spidi hausogei: gari haliongezi mwendo wala halipunguzi. Hata hivyo mguu wake uko kwenye mafuta, na akiuondoa tu gari linaanza kupoteza mwendo. Kama hakuna kinachoongezeka, petroli inayoungua inakwenda wapi?

Sehemu yake inayofika kwenye magurudumu inatumika kupasua hewa, na nyingine inapotelea kwenye tairi zinazobonyea na kurudi kila zinapozunguka. Hewa na tairi hulivuta gari nyuma bila kupumzika. Mwendo unapotulia, kani ya magurudumu kwenda mbele imelingana sawasawa na kani hiyo ya kurudisha nyuma. Wanafunzi wengi hukwama hapa. Wakiona kani zimefutana, hudhani injini haina kazi. Kilicho sifuri ni jumla ya kani. Kani ya injini yenyewe ipo, gari linasonga, na kila mita inayopitwa ni kazi iliyofanyika.

Nguvu inayotumika wakati wowote ule hupatikana kwa kuzidisha kani kwa mwendo wa wakati huohuo:

P = F × v

Kani iwe katika nyutoni, mwendo uwe katika mita kwa sekunde, na jibu litatoka katika wati. Mwendo unaotakiwa ni ule unaosomeka kwenye mshale sasa hivi, si wastani wa safari nzima.

Tuchukue gari dogo la kilo 1,200, lenye umbo la kawaida. Tairi zake hulivuta nyuma kwa nyutoni 140 hivi, na kiasi hicho hakibadiliki sana kwa mwendo. Kwenye kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde, hewa inaongeza kama nyutoni 196. Jumla ni nyutoni 336. Zidisha kwa 22.2, unapata karibu wati 7,500, sawa na nguvu za farasi 10 tu. Injini ya gari la namna hii kwa kawaida huweza kutoa mara kadhaa ya hapo. Akiba hiyo ni ya kupanda milima na kuongeza mwendo.

Sasa dereva apandishe hadi 120. Mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini hewa haiongezeki hivyo. Kani yake hukua kwa mraba wa mwendo, kwa sababu kila sekunde gari linakutana na hewa nyingi zaidi na pia linaisukuma kwa kasi zaidi. Nyutoni 196 zinakuwa 440. Pamoja na tairi ni 580, na mwendo ni mita 33.3 kwa sekunde: wati 19,300, karibu nguvu za farasi 26. Nguvu imezidi mara mbili na nusu.

Usikimbilie kusema mafuta ya safari nayo yatazidi mara mbili na nusu, maana safari imekuwa fupi kwa muda. Kazi ya kila mita ni ile kani yenyewe, na kani imetoka 336 hadi 580, yaani mara 1.7. Hiyo bado ni nyingi mno kwa anayelipia petroli mwenyewe.

Upepo unahitaji uangalifu zaidi, na hapa hata wanaoijua kanuni hukosea. Tuseme gari letu liko kwenye 80 na upepo wa kilomita 20 kwa saa unavuma usoni. Hewa inalipiga gari kana kwamba linakwenda 100, kwa hiyo kani ya hewa inapanda hadi nyutoni 306. Lakini wakati wa kuzidisha tunarudi kwenye 22.2, kwa kuwa magurudumu yanasukuma lami, na juu ya lami gari linakwenda 80. Jibu ni wati 9,900. Anayezidisha kwa mwendo wa hewa atapata wati 12,400, nguvu ambayo injini haitoi.

Kani ya gari lako unaweza kuipima bila karakana. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari wala upepo, fika 85, weka gia huru huku injini ikiendelea kuwaka, na abiria ahesabu sekunde hadi mshale ushuke kufika 75. Mwendo uliopotea ni mita 2.78 kwa sekunde. Uzidishe kwa uzito wa gari na watu waliomo katika kilo, kisha ugawe kwa sekunde ulizohesabu. Utapata kani ya wastani kwenye 80 hivi. Gari letu la mfano, kilo 1,200 zikiwa ni pamoja na watu, lingechukua karibu sekunde 10. Rudia ukielekea upande wa pili wa barabara, kwa sababu mteremko usioonekana kwa macho unatosha kuharibu hesabu, kisha chukua wastani wa kani hizo mbili. Ukipata sekunde 7 kwa gari kama hilo, anza kwa kukagua upepo wa tairi, halafu uguse rimu baada ya kusimama: ile iliyo ya moto kuliko wenzake huenda breki yake imeshika.