Stempu ni ya chupa, si ya kilichomo

Tangu Serikali ipige marufuku viroba Machi 1, 2017, mnywaji wa kijijini kama Kansay, wilayani Karatu, amebaki na chupa ndogo ya dukani au gongo ya kupimiwa kwa glasi. Gongo haina leseni wala lebo, na anayeinunua anajua anachonunua. Anayedanganywa ni wa dukani, anayeuziwa chupa ya kampuni yenye kinywaji cha mtu mwingine.

Anza na bei. Tuseme muuzaji wa jumla Karatu mjini anatoa katoni ya chupa 20 kwa shilingi 80,000. Kila chupa ni 4,000, na ndani yake VAT ya asilimia 18 peke yake ni kama 610, mbali na ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa lita. Ongeza usafiri hadi Kansay. Sasa duka likikuuzia chupa hiyohiyo kwa 3,000, muuzaji hawezi kuwa amepata faida, labda kama kuna kodi ambayo haikulipwa au kimiminika ambacho hakikutoka kiwandani.

Kisha stempu. Tangu 2019 TRA inatumia stempu za kielektroniki kwenye pombe kali, na yeyote mwenye simujanja anaweza kuzikagua kwa programu ya Hakiki Stempu. Skani, kisha linganisha majibu na chupa uliyoshika: jina la kinywaji, mtengenezaji, ujazo. Stempu ya chupa ya mililita 750 ikiwa kwenye chupa ya 200, rudisha.

Ila stempu halisi nayo hudanganya. Chupa tupu ikijazwa upya, stempu yake bado ni ya kweli na simu itakubali. Kwa hiyo mimi hukagua pia kifuniko: zungusha taratibu, pete ya chini lazima ikatike mkononi mwako. Ikiwa imeshakatika, au stempu imechanika na kugandishwa tena kwa gundi, hapo pameguswa. Tazama pia lebo iliyokaa upande, na chupa mbili za rafu moja zenye ujazo usiolingana.

Ulimi haukusaidii. Methanoli, sumu iliyoua watu zaidi ya kumi katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga nchini Kenya, Februari 2024, huwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida kwa ladha wala harufu. Kuwasha moto nako hakutoshi, maana kinywaji kilichochanganywa huwaka vizuri tu. Macho kufifia, tumbo kuuma na kuhema haraka huweza kuja baada ya saa 12 hadi 24, wakati mtu ameshadhani ni mning'inio wa kawaida. Ukiona ukungu machoni, nenda hospitali na chupa uliyonywea, hata kama imebaki tone.

Na chupa ukimaliza, toboa kifuniko na uchane lebo kabla ya kuitupa. Wanaojaza upya huanzia jalalani.