Kifua cha Pumu Kinaponyamaza

Tuseme binti wa miaka 24 anafikishwa idara ya dharura usiku wa manane, ameinama mbele, mikono imeshika magoti. Muuguzi anamuuliza anatumia dawa gani. Anajibu neno moja, anahema, kisha la pili. Mtu mzima aliyeshindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja ana shambulio kali la pumu, hata kabla ya kupimwa. Vipimo vinakubaliana na hilo: anapumua mara 30 kwa dakika, moyo unapiga mara 125, na oksijeni ni asilimia 93.

Anavalishwa barakoa ya nebulaiza, kifaa kinachogeuza dawa ya maji kuwa ukungu, kikiendeshwa kwa oksijeni. Ndani yake mna miligramu 5 za salbutamoli, inayolegeza misuli iliyobana mirija ya hewa, pamoja na miligramu 0.5 za ipratropiamu, inayoilegeza kwa njia nyingine. Salbutamoli inaweza kurudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30. Ipratropiamu hurudiwa baada ya saa 4 hadi 6. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio ni kawaida, ila dozi nyingi hushusha potasiamu, kwa hiyo damu hupimwa.

Ukungu huo haugusi uvimbe ulio ndani ya mirija. Hiyo ni kazi ya steroidi, nayo huchukua saa kadhaa kuonekana, ndiyo maana hutolewa mapema bila kusubiri nebulaiza ishindwe. Ndugu wengi hudai sindano wakiamini ina nguvu zaidi. Kwa mgonjwa anayemeza na asiyetapika, vidonge vya prednisoloni, miligramu 40, vinafanya kazi sawasawa. Anayeshindwa huchomwa haidrokotisoni miligramu 100.

Baada ya saa moja miluzi ya kifuani imepungua. Ndugu wanashusha pumzi, lakini daktari hafurahi: binti anasinzia, oksijeni imeshuka hadi 90, na hewa haisikiki ikiingia mapafuni. Kifua kimenyamaza kwa sababu hewa inayopita haitoshi hata kupiga mluzi.

Damu ya mshipa wa ateri inaonyesha kabonidayoksaidi ya kawaida. Jibu hilo ndilo la kutisha. Anayehema kwa kasi hivyo huitoa kwa wingi, hivyo ilipaswa kuwa chini; ikifika kiwango cha kawaida, misuli ya kupumua imeanza kuchoka.

Hapo magnesiamu salfeti, gramu 2, huingizwa mshipani kwa dakika 20, nebulaiza ikiendelea, na madaktari wa wagonjwa mahututi huitwa mara moja. Kusubiri azimie ni kuchelewa, maana kumwekea mpira wa kupumulia na kumuunganisha na mashine kuna hatari zake na kunahitaji mikono yenye uzoefu.

Kwa huyu, magnesiamu inasaidia. Miluzi inarudi, na safari hii ni habari njema: hewa inapita tena. Ataendelea na prednisoloni kwa angalau siku 5, na ataondoka na dawa ya kuvuta yenye steroidi ya kutumia kila siku.