Mtoto anajua uuguzi, mbona anarudi na sapu? Angalia anavyojibu maswali ya maelezo

Mzazi mwenye kijana anayesoma stashahada ya uuguzi na ukunga anaujua ujumbe huu wa simu: "Mama, nimepata sapu ya somo moja." Kinachofuata ni ada ya mtihani wa marudio, nauli ya kurudi chuoni na likizo iliyokatika. Akishindwa tena, kuna hofu ya kurudia mwaka au kudisko kabisa.

Jambo la kwanza linalomjia mzazi ni kwamba mtoto hakusoma. Huenda ni kweli. Lakini wapo wanafunzi wanaosoma hadi usiku wa manane, ukiwauliza swali la mdomo wanakujibu vizuri, na wodini wanasifiwa, ila karatasi ya mtihani inawaangusha. Mara nyingi hawaangushwi na maswali ya kuchagua herufi. Wanaangushwa na maswali ya majibu mafupi na ya insha, ambako mwanafunzi anaachiwa mistari mitupu aijaze mwenyewe.

Huhitaji kuwa muuguzi ili umsaidie. Unachohitaji ni kuelewa namna alama zinavyotolewa, kwa kuwa msahihishaji hatoi alama kwa wingi wa maneno. Mbele yake ana mwongozo unaoonyesha hoja zinazotakiwa na alama ya kila hoja. Hoja akiiona anaweka tiki, asipoiona anapita. Ukurasa mzima wenye hoja mbili una thamani ya hoja mbili tu.

Alama kwenye mabano zinatoa maelekezo

Mwishoni mwa kila swali kuna namba kwenye mabano. Wanafunzi wengi huiona kama habari ya pembeni, ilhali inaonyesha wingi wa jibu linalotakiwa.

Tuchukue swali hili: "Orodhesha dalili 5 za upungufu wa maji mwilini kwa mtoto anayeharisha (alama 5)." Dalili ni tano na alama ni tano, kwa hiyo kila dalili ina alama moja. Jibu linalotosha ni mistari mitano yenye namba: macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, mtoto ana kiu na anakunywa kwa pupa, anahangaika au ana hasira, kwa hali mbaya zaidi, analegea au hana fahamu. Hapo amemaliza. Akianza na aya ndefu kuhusu maana ya kuhara na hatari zake kwa jamii, haongezi hata nusu alama, na dakika zinakwenda.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kuandika jambo moja mara mbili kwa maneno tofauti, kwa mfano "macho yamedidimia" na "macho yameingia ndani". Hiyo inahesabiwa mara moja. Wa pili ni kuandika dalili nane ukitumaini msahihishaji atachagua zile tano nzuri. Ikiombwa idadi maalumu, kawaida zinasahihishwa tano za kwanza tu. Kama jibu la uhakika liko namba saba, limepotea.

Sasa swali libadilike kidogo: "Eleza sababu 3 za mtoto anayeharisha kupungukiwa maji haraka kuliko mtu mzima (alama 6)." Sababu ni tatu lakini alama ni sita. Maana yake kila sababu ina alama mbili, moja ya kuitaja na nyingine ya kuieleza. Atakayeorodhesha sababu tatu kwa maneno mawili mawili atapata tatu kati ya sita, hata kama zote ni sahihi. Ndipo anaporudi nyumbani akilalamika, "Niliandika zote, sijui kwa nini nimepata nusu."

Mitihani hii huwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana anapaswa kutofautisha kwa haraka maneno ya kuamrisha ya lugha hiyo: lipi linamaanisha taja, lipi linamaanisha eleza na lipi linamaanisha jadili. Taja ni hoja tupu. Eleza ni hoja pamoja na sababu yake. Jadili ni hoja, sababu na pande zake tofauti. Afundishwe kupiga mstari chini ya neno hilo na chini ya alama kabla hajaandika chochote.

Insha moja, tuipasue

Insha inatisha kwa sababu inaonekana kama swali moja kubwa. Kwa kweli huwa ni maswali mafupi kadhaa yaliyoshikamana. Tuone mfano wa somo la ukunga.

"Mama wa miaka 28 amejifungua mtoto wa nne kwa njia ya kawaida saa moja iliyopita. Anatokwa damu nyingi, mfuko wa uzazi ni laini, mapigo ya moyo ni 118 kwa dakika na presha ni 90/60. (a) Toa maana ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua (alama 2). (b) Taja makundi 4 ya sababu zake (alama 4). (c) Eleza hatua utakazochukua kumhudumia mama huyu (alama 14)."

Kipengele (a) kinataka sentensi moja yenye vitu viwili: kiasi na muda. Maana iliyozoeleka vitabuni ni kupoteza damu mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Anayeandika "ni hali ya mama kutoka damu nyingi sana" amerudia swali.

Kipengele (b) ni mistari minne: mfuko wa uzazi kushindwa kukaza, kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo la nyuma, na damu kushindwa kuganda. Maelezo hayajaombwa.

Kipengele (c) ndicho kinachoamua. Alama 14 zinaweza kugawanyika katika hatua saba zenye alama mbili kila moja, yaani kitendo na sababu yake. Mwanafunzi wa kawaida huandika: "Nitamhudumia mama, nitampa dawa, nitamwekea maji na nitamfariji." Hapo msahihishaji hana mahali pa kuweka tiki. Dawa ipi? Maji kupitia wapi? Kwa nini?

Jibu linalolipa linaandikwa hivi: "1. Nitaita msaada mara moja, kwa sababu kazi hizi zinatakiwa kufanyika kwa pamoja na mama asiachwe peke yake. 2. Nitasugua mfuko wa uzazi kupitia tumboni ili ukaze, kwa kuwa misuli ikikaza hubana mishipa ya damu iliyoachwa wazi kondo lilipotoka. 3. Nitampa oksitosini kwa dozi ya mwongozo, ili mfuko wa uzazi uendelee kukaza." Kisha anaendelea kwa mtindo huohuo: kuweka mipira ya maji kwenye mishipa na kuchukua damu ya kupima kundi, kutoa dawa ya kusaidia damu isiendelee kutoka ambayo hutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, kutoa mkojo kwa kuwa kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kukaza, na kukagua kondo na njia ya uzazi huku akipima mapigo na presha kila baada ya dakika 15.

Mpangilio nao una maana. Anayeanza na "nitaandika kwenye faili" na kumalizia na "nitaita msaada" anaonyesha kuwa hajui kipi kianze. Mama aliye kitandani hawezi kusubiri faili, na mtihani unapima hilo pia. Aidha, swali limesema mfuko wa uzazi ni laini. Neno hilo limewekwa makusudi kuelekeza kwamba tatizo ni kukaza. Anayeanza na kushona mchaniko hakusoma habari za mgonjwa aliyepewa.

Saa igawanywe kwa alama

Tuseme karatasi ni ya saa 3 na ina alama 100: maswali 20 ya kuchagua kwa alama 20, maswali 8 mafupi ya alama 5 kila moja, na insha 2 za alama 20 kila moja. Jumla ni dakika 180. Toa 10 za kusoma karatasi na 10 za kuhakiki, zinabaki 160. Gawa kwa alama 100, unapata dakika 1.6 kwa alama. Kwa hiyo swali la alama 5 ni dakika 8, na insha ya alama 20 ni dakika 32.

Kama mtihani unaanza saa 3:00 asubuhi, anaanza kuandika saa 3:10. Maswali ya kuchagua yaishe saa 3:42, maswali mafupi saa 4:46, insha ya kwanza saa 5:18 na ya pili saa 5:50. Aandike saa hizo kwa penseli pembeni ya karatasi ya maswali kama inaruhusiwa. Ndani ya insha yetu, kipengele (a) kina dakika 3, (b) dakika 6 na (c) dakika 22 hivi.

Saa ikifika, aache nafasi na ahamie swali linalofuata, hata kama hajamaliza. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko alama mbili za mwisho za swali alilolizunguka kwa dakika 50. Zikibaki dakika tano na insha haijaguswa, aandike hoja kwa namba, kila moja na sababu fupi. Ukurasa mweupe hauna cha kusahihishwa.

Kazi ya mzazi ni hii

Akirudi na karatasi ya jaribio iliyosahihishwa, kaa naye muihesabu pamoja. Kama majibu ya mwanzo ni marefu na ya mwisho ni matupu, tatizo ni muda. Kama mistari ni mingi na tiki ni chache, anazunguka bila hoja. Kama kila hoja imepata nusu ya alama zake, anataja palipotakiwa kueleza. Lakini kama hoja zimepangwa vizuri na zimekatwa kwa kuwa si sahihi, hapo hajui somo, na mpangilio wowote hautamwokoa. Arudi kwenye daftari na wodini.

Likizoni, mwombe swali moja la zamani la alama 20. Weka simu yako dakika 32, kisha mwache aandike kwa mkono, bila daftari. Muda ukiisha, hesabu hoja zenye namba na zile zenye neno "kwa sababu" au "ili". Kama kipengele kina alama 14 na umeona hoja nne tu, mwonyeshe. Hutakuwa umemfundisha ukunga, lakini utakuwa umemwonyesha alama zake zinapovujia, na hilo analiweza kulirekebisha kabla ya mtihani unaofuata.