Sufuria ya ndani ikipotea

Picha ya mbele ya jiko la umeme la kupikia wali haimsaidii sana muuza vipuri, maana majiko ya chapa nyingi yanafanana sura. Chomoa waya, ligeuze, upige picha kibandiko cha chini: hapo pana namba ya modeli, volti, wati na ujazo kwa lita.

Kisha piga picha sahani ya moto kutoka juu, rula ikiwa imelazwa juu yake, na nyingine kwa ubavu. Sahani nyingine ni bapa, nyingine zimebinuka kidogo katikati. Sufuria ya lita 1.8 yenye kitako bapa ikikalia sahani iliyobinuka, hugusa katikati tu. Swichi huruka mapema na wali hubaki na kiini. Dukani, izungushe ndani ya jiko lako. Ikiyumba, usiinunue.